Upepo wa baridi unapobabua uso wa mwanao aliye ughaibuni

Rwamgasa, Geita. Picha iliingia kwenye simu ya mama huyu saa mbili usiku, akiwa anafunga genge lake la nyanya na dagaa jirani na makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu. Ilikuwa siku ya 12 tangu kijana wake wa kwanza afike Winnipeg, Kanada, kusoma chuo. Alikuwa amesafiri Januari, katikati ya majira ya baridi ya huko.

"Shikamoo mama. Angalia uso wangu. Unawaka kama nimepakwa pilipili," aliandika.

"Marahaba mwanangu. Umekula nini huko?" mama akamjibu.

Kwenye picha mashavu yalikuwa yamepauka kama yamepakwa majivu. Pembeni mwa pua ngozi ilikuwa inabanduka vipande vidogo, na kwenye kona za mdomo kulikuwa na nyufa mbili zenye damu iliyokauka. Juu ya mashavu, pale penye mfupa, ngozi ilikuwa nyeusi kuliko kawaida yake.

Kesho yake ushauri ulikuwa mwingi gengeni. Mmoja alisema ni mzio wa chakula cha kopo. Mwingine alisema ni dawa wanazotia kwenye maji ya bomba. Wa tatu, anayeuza vipodozi, alitoa tyubu ya krimu na kusema mtoto akipaka siku tatu uso utarudi kama wa mtoto mchanga. Mama alianza kuulizia nani anasafiri ili aipeleke.

Hakikuwa chakula wala maji. Kijana alikuwa amebabuliwa na upepo wa baridi, hali inayowapata wengi wanaotoka kwenye joto kama letu na kuingia nchi za theluji. Hutibika kwa vitu vya bei ndogo, ambavyo kimojawapo kiko karibu kila nyumba ya Rwamgasa. Lakini ile tyubu, kama ingefika, ingeharibu zaidi, na chini tutaona sababu.

Mama huyu na kijana wake wamekubali habari yao iandikwe bila majina, ili wazazi wengine wanaosafirisha watoto wajue mapema.

Upepo unaiba nini usoni

Ngozi ya juu kabisa ni kama ukuta wa matofali. Matofali ni seli zilizokufa zilizopangwa tabaka kwa tabaka, na udongo wa kuyashika ni mafuta ambayo mwili unayatengeneza wenyewe. Ukuta huo ukiwa mzima, maji ya mwilini hayatoki ovyo na vitu vikali vya nje haviingii. Mafuta yakipungua, matofali yanaanza kuachana, na hapo ndipo ngozi inapobana, inapauka, inabanduka na mwisho kupasuka.

Upepo wa baridi unafanya kazi kama unavyokausha nguo kwenye kamba. Kila mara ngozi inapotoa unyevu kidogo, upepo unauondoa na kuleta hewa nyingine kavu, na ngozi inatoa tena. Wakati huohuo baridi inafanya mafuta ya asili ya ngozi yawe mazito, yasitandae vizuri usoni. Ukiongeza kamasi, mate na machozi yanayotoka mtu anapokuwa kwenye upepo, ambayo yanalowesha na kukauka mara kwa mara, unaelewa kwa nini pua na kona za mdomo ndizo hupasuka kwanza.

Kwa nini ni uso, na si mgongo au mapaja? Kwa sababu mgeni hununua koti kubwa, glavu na buti, akasahau kuwa uso ndio umebaki wazi.

Winnipeg ni mfano mzuri wa jambo hili. Mji uko kwenye tambarare kubwa kama mbuga za Shinyanga zilivyo wazi, hauna milima ya kuzuia upepo. Wastani wa hewa ya Januari ni karibu nyuzi 16 chini ya sifuri, na asubuhi nyingi hushuka hadi 20 na zaidi. Sisi tunaona asubuhi ya Julai ni baridi kali, lakini maji hayajawahi kuganda kwenye ndoo zetu.

Hewa ya ndani nayo ina kiu

Kijana alidhani akishaingia ndani amepona. Hapa ndipo wageni wengi wanapopotea.

Hewa ya baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi wa maji. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 chini ya sifuri hubeba maji chini ya gramu moja. Hewa hiyo ikiingia ndani na kupashwa joto hadi nyuzi 21, inakuwa na uwezo wa kubeba takriban gramu 18, lakini maji yaliyomo bado ni yaleyale machache. Ni sawa na kumpa mtu pipa tupu lenye kikombe kimoja cha maji ndani yake. Hewa hiyo itatafuta maji popote: kwenye mimea, kwenye mbao, kwenye koo la aliyelala na kwenye ngozi ya uso wake.

Kwa hiyo uso unakaushwa na upepo kwa nusu saa barabarani, kisha unakaushwa na hewa ya ndani usiku mzima. Mtu anaamka midomo imekauka, pua inauma ndani na pengine inatoa damu kidogo. Anayelala kitanda kikiwa jirani na kifaa cha kupasha joto chumba anaumia zaidi.

Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu

Maelezo mengi ya nchi hizo husema ngozi iliyobabuliwa na upepo huwa nyekundu. Hayo yameandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu wekundu huo hauonekani vizuri, na ndiyo maana kijana alipita siku kadhaa bila kujua kuwa anaumia.

Kwenye ngozi nyeusi dalili huanza kwa hisia. Uso unabana baada ya kunawa, kama ngozi imekuwa ndogo. Maji ya kawaida au losheni aliyoizoea inaanza kuwasha na kuchoma. Kisha rangi inabadilika: mashavu yanapauka na kuwa na kijivujivu, au sehemu iliyoumia inakuwa nyeusi zaidi kuliko jirani yake. Ukipitisha kiganja unahisi ukwaruzi na joto. Baada ya siku chache ngozi inaanza kubanduka.

Mzazi anayetazama kwa simu amwombe mtoto asimame dirishani mchana, asipake kitu kwanza, na apige picha mbili: moja ya shavu na nyingine ya sehemu iliyofunikwa na skafu shingoni. Tofauti ya rangi kati ya hizo mbili inasema mengi kuliko picha moja iliyopigwa usiku kwenye taa.

Siku moja ya kijana ilivyokuwa

Mama alipomuuliza anaishije, siku yake ilikuwa hivi. Aliamka akaoga maji ya moto sana kwa dakika 20, kwa sababu ndiyo nafasi pekee ya kupata joto. Alijisugua kwa dodoki alilotoka nalo nyumbani na sabuni ya mche, uso pia. Akajifuta kwa nguvu, akavaa, na akapaka losheni nyepesi wakati anatoka mlangoni.

Alitembea dakika nane hadi kituo cha basi, akasubiri dakika 15. Hewa ilikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri na upepo ulikuwa wa kilomita 30 kwa saa. Kwenye simu yake, pale panapoandikwa Feels like, palionyesha nyuzi 33 chini ya sifuri. Namba hiyo ya pili ndiyo ya kutazama, kwa kuwa inaeleza kasi ambayo uso unapoteza joto upepo unapovuma. Ni kama uji: ukiuacha kwenye bakuli unapoa taratibu, ukiupuliza unapoa haraka, ingawa hewa ya chumba ni ileile.

Jioni alirudi njia hiyohiyo, akaoga tena maji ya moto ili kuondoa baridi, akalala jirani na kifaa cha joto. Midomo ilipokauka aliilamba. Ilipokauka tena, akailamba tena.

Kila kitu hapo kilikuwa kinaondoa mafuta ya ngozi. Maji ya moto yanayayeyusha. Sabuni ya mche ni kali kuliko ngozi inavyopenda, kwa sababu ngozi yenye afya ina asidi kidogo na sabuni hiyo ina magadi. Dodoki linang'oa matofali yaliyokuwa bado yameshika. Losheni nyepesi ni maji kwa sehemu kubwa, na maji hayo yakishakauka kinachobaki ni kidogo. Mate nayo yana vimeng'enya vya kusaga chakula, hivyo kulamba mdomo ni kuuchubua polepole.

Hatua alizobadilisha

Kwanza alipunguza kuoga. Mara moja kwa siku, maji ya uvuguvugu, dakika tano hadi kumi. Dodoki na sabuni ya mche viliachwa visiguse uso. Asubuhi alinawa uso kwa maji ya uvuguvugu tu, na usiku alitumia kisafishaji laini kisicho na manukato. Baada ya kunawa alijikausha kwa kugandamiza taulo bila kusugua.

Pili alibadilisha wakati wa kupaka. Mafuta hayaongezi maji kwenye ngozi. Kazi yake ni kuyazuia yaliyopo yasitoke. Ndiyo maana yanapakwa ngozi ikiwa bado na unyevu, ndani ya dakika tatu hivi baada ya kujifuta. Ukisubiri ngozi ikauke kabisa na kuanza kubana, unafungia ukavu ndani.

Tatu alibadilisha anachopaka. Kwa baridi ya aina hii losheni ya kumiminika haitoshi. Inatakiwa krimu nzito isiyo na manukato, na juu yake, sehemu zinazopigwa na upepo, mafuta ya mgando. Haya mafuta ya mgando ambayo mama zetu hupaka watoto baada ya kuoga ni miongoni mwa vitu bora kabisa vya kuzuia maji yasitoke kwenye ngozi, na hayana kitu kinachochoma nyufa mradi yawe yale yasiyo na manukato wala rangi.

Kiasi nacho kina maana. Minya krimu kwenye kidole cha shahada kuanzia ncha hadi kwenye kiungo cha kwanza. Uso na shingo vinahitaji kiasi hicho mara mbili na nusu. Juu yake, mafuta ya mgando ya ukubwa wa punje mbili za njegere yanatosha pua, mashavu, midomo na kona za mdomo. Usiku yanaweza kupakwa mengi zaidi. Mchana yapakwe mepesi, na krimu ipewe angalau robo saa kuingia kabla ya kutoka nje.

Glisarini, ambayo wengi hapa wanaipenda, inahitaji uangalifu. Kazi yake ni kuvuta maji. Kwenye hewa yenye unyevu inafanya vizuri, lakini ikipakwa peke yake bila kuchanganywa kwenye hewa kavu sana, maji inayoweza kuyavuta ni yale ya chini ya ngozi, na ngozi inazidi kukauka. Mwenye nayo aipake ngozi ikiwa na maji na aifunike na mafuta ya mgando.

Nne alishughulikia chumba. Alisogeza kitanda mbali na kifaa cha joto, akapunguza joto la usiku, akaanza kuanika nguo zake zilizofuliwa chumbani ili maji yake yaingie hewani. Mwenye uwezo hununua mashine ndogo ya kutoa mvuke pamoja na kipima unyevu. Lengo ni unyevu wa asilimia 30 hadi 40. Ukizidi sana wakati nje kuna baridi kali, maji yanaganda na kutiririka kwenye vioo vya madirisha na ukungu unaota ukutani. Mashine hiyo isafishwe mara kwa mara, kwani maji yaliyolala ndani yake huota vijidudu.

Kufunika ndiko kunakozuia baridi

Hapa kuna jambo ambalo ni hatari kulikosea. Mafuta yanazuia ukavu. Hayazuii ngozi kuganda.

Nchini Finland, ambako vijana wa jeshi hukaa nje kwenye baridi kali, watafiti waliangalia kama kupaka mafuta usoni kunawakinga wasigandishwe ngozi. Walikuta kwamba mafuta hayakuwakinga, na waliokuwa wakipaka walionekana kupata ngozi kuganda masikioni na usoni zaidi ya wengine. Maelezo mojawapo ni kwamba mtu akipaka anajisikia salama, anachelewa kujifunika na kuingia ndani.

Kwa hiyo paka mafuta kwa ajili ya nyufa, na vaa nguo kwa ajili ya baridi. Mzula uvutwe hadi ufunike masikio yote. Kitambaa cha mviringo cha kuvaliwa shingoni kivutwe hadi juu ya pua. Kwa siku mbaya kuna kofia ya kuziba uso mzima, ile tunayoiita kininja. Kofia ya koti ivutwe mbele ili upepo usipige shavu kutoka pembeni. Kitambaa kinachogusa uso kiwe laini, kwa kuwa sufu inakwaruza ngozi ambayo tayari ina nyufa.

Kitambaa kina kasoro moja. Pumzi inakilowesha, na maji yake yanaganda na kuwa barafu juu ya midomo. Kitambaa chenye maji kinachubua na kupoza ngozi. Dawa yake ni kuwa na viwili: kimoja usoni, kimoja kikavu kwenye begi cha kurudi nacho jioni. Vifuliwe kila baada ya siku chache kwa sabuni isiyo na manukato na visuuzwe vizuri.

Feels like ikifika nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Ikifika 40 chini ya sifuri, dakika tano hadi kumi zinatosha. Kijana wetu alikuwa anasimama kituoni dakika 15 kwenye 33 chini ya sifuri uso ukiwa wazi. Alikuwa na bahati kwamba alipata nyufa tu. Siku hizi anaangalia muda wa basi kwenye simu na kusubiri ndani ya mlango wa jengo hadi libaki dakika tatu.

Kubabuliwa au kuganda?

Kila mzazi amfundishe mtoto tofauti hii kabla hajapanda ndege, kwa kuwa mgeni hajui.

Ngozi iliyobabuliwa na upepo inauma. Inachoma, inawasha, inasikia kiganja kinapoigusa. Ngozi inayoanza kuganda inauma kwanza, kisha inaacha kuuma. Mtu anadhani ameizoea baridi, kumbe sehemu hiyo imekufa ganzi. Kwenye ngozi nyeusi inageuka kijivu au kupauka kama nta, na ukiibonyeza ni ngumu. Sehemu za kwanza ni ncha ya pua, masikio na juu ya mashavu.

Likitokea hilo, aingie ndani mara moja. Afunike sehemu hiyo kwa viganja vyenye joto au kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Asisugue, asipake theluji, asisogeze uso kwenye jiko au kifaa cha joto, kwa sababu ngozi yenye ganzi haijui kuwa inaungua. Hisia zikirudi ndani ya dakika chache, amenusurika. Ganzi ikibaki, au malengelenge yakitokea, aende hospitali saa hiyohiyo.

Lile doa jeusi na ile tyubu

Mama hakusumbuliwa na nyufa kama alivyosumbuliwa na weusi ulioingia juu ya mashavu. Weusi huo ni kawaida ya ngozi yetu. Ikichubuka au kuwaka kwa sababu yoyote, inaacha doa, kama inavyoacha baada ya chunusi au kuumwa na mbu. Doa hilo halipotei kwa wiki moja. Nyufa zikishapona linaondoka lenyewe polepole, na linaweza kuchukua miezi kadhaa.

Ni katika miezi hiyo ya kusubiri ndipo watu hukimbilia mkorogo. Tyubu na vikopo vingi vinavyouzwa kuondoa madoa vina steroidi kali, haidrokwinoni au zebaki, hata kama lebo haisemi. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini. Watu wa Rwamgasa wanaijua zebaki kwa kukamatia dhahabu na wanajua si kitu cha kuchezea. Kuipaka usoni ni kuiingiza mwilini kwa njia nyingine, na huharibu figo.

Steroidi ndiyo inayodanganya zaidi. Ndani ya siku mbili au tatu muwasho unatulia na uso unang'aa, kama muuza vipodozi alivyoahidi. Lakini ikiendelea kupakwa inafanya ngozi iwe nyembamba, na ngozi nyembamba ndiyo upepo wa Winnipeg unaipasua haraka zaidi. Mtu akiiacha, uso unalipuka upya kwa upele na moto. Daktari anaweza kutoa steroidi nyepesi kwa siku chache ngozi ikiwa imewaka sana, lakini hiyo huwa ni dawa ya kipimo na muda maalumu.

Kijana anayesafiri akiwa tayari anatumia mkorogo, au dawa za chunusi zinazokausha na kubandua ngozi, aseme kwa daktari kabla ya safari. Ngozi yake inaingia vitani bila ukuta.

Tyubu haikutumwa. Kijana alianza hatua mpya siku ya 14. Kuchoma kulipungua ndani ya siku tatu, kona za mdomo zilifunga baada ya wiki moja hivi, na kubanduka kuliisha mwishoni mwa wiki ya tatu. Madoa yalikuwa bado yapo.

Familia zenye watoto wadogo

Si wanafunzi peke yao. Familia za Wakongo zilizokaa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, zimehamishiwa Marekani na Kanada zikiwa na watoto wadogo. Uso wa mtoto mdogo unaumia haraka kwa sababu ngozi yake ni nyembamba na mate na kamasi havikauki. Apakwe mafuta ya mgando kidevuni, mashavuni na chini ya pua kabla ya kula na kabla ya kutoka. Kamasi ifutwe kwa kitambaa laini kwa kugandamiza. Ndani ya kigari asifungwe skafu ndefu shingoni. Kitambaa cha mviringo au kofia iliyoungana na shingo ni salama zaidi. Mwenye pumu ya ngozi tangu nyumbani aonwe na daktari mapema, kwani majira hayo ndiyo humwamsha.

Kuanzia Machi jua linapanda theluji ikiwa bado ipo. Theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale mikali ya jua, ikapiga uso kutoka chini. Hapo mafuta ya kuzuia jua ya namba 30 au zaidi yanahitajika hata kwa ngozi nyeusi, na yanasaidia pia madoa yasizidi kukolea.

Lini aende kliniki

Nyufa zisizofunga ndani ya wiki mbili pamoja na hatua hizi zinahitaji daktari. Hali kadhalika maganda yenye rangi ya asali, usaha, uvimbe unaosambaa, homa, au maumivu karibu na jicho. Hizo ni dalili kuwa vijidudu vimeingia kwenye nyufa. Kona za mdomo zinazopona na kupasuka tena zinaweza kuwa na fangasi, au upungufu wa madini ya chuma au vitamini, na mafuta peke yake hayatazimaliza.

Ukifunga begi la mtoto, weka vikopo viwili vya mafuta ya mgando yasiyo na manukato kwenye begi kubwa, na kimoja kidogo kisichozidi mililita 100 kwenye begi la mkononi, kwani ndani ya ndege hewa ni kavu na midomo huanza kukauka humohumo. Weka mzula mmoja na vitambaa viwili vya shingoni, hata kama ni vya mtumba wa mnadani, ili avivae anapotoka uwanja wa ndege. Krimu nzito, koti na buti atanunua huko, ambako vimetengenezwa kwa baridi yao. Dodoki na sabuni ya mche vibaki nyumbani.